Nani Aamue Mbwa Akishang'ata: Mhadhara Kuhusu Hati ya Timu Mtambuka

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika hati ya timu kwa ajili ya kundi jipya la watu wanaotoka idara tofauti. Kusudi la mhadhara wangu ni kutetea dai moja, nalo ni hili: hati ya timu mtambuka ijengwe kwenye viungo vya kazi, yaani pale jambo linapotoka mkono wa idara moja kwenda mkono wa nyingine, na sehemu yake iliyo nzito kuliko zote iwe kanuni za uamuzi. Kusudi, majukumu na mazoea ya kazi vyote vina nafasi yake, lakini vikiandikwa bila kujua nani anaamua nini, hati inabaki kuwa tamko la nia njema.

Kwanza niseme hati hii ni nini, maana maofisini kwetu kuna karatasi nyingi zinazofanana nayo. Hadidu za rejea hutoka juu. Mkurugenzi au wizara huwapa watu kazi, mipaka na muda. Hati ya timu huandikwa na wenyewe watakaofanya kazi, kwa karatasi mbili au tatu, wakikubaliana jinsi watakavyoitekeleza hiyo kazi waliyopewa. Hadidu za rejea zitasema idara ya afya na idara ya mifugo zishirikiane. Hati ndiyo itakayosema simu ipigwe na nani, kwa nani, kabla ya saa ngapi, na kama haikupokelewa afanye nini.

Mfano nitakaoutumia ni wa kichaa cha mbwa katika halmashauri ya wilaya hapa Tanzania. Nimeuchagua kwa sababu ugonjwa huu hauwezi kushughulikiwa na idara moja hata idara hiyo ikijitahidi namna gani. Jeraha liko kwa binadamu, chanzo kiko kwa mnyama. Mganga Mkuu anasimama juu ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na ofisa mifugo juu ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Ni sheria mbili, bajeti mbili na rejista mbili, na katikati yake yuko mtu aliyeng'atwa. Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la uratibu wa Afya Moja, na mashirika ya kimataifa ya afya, chakula na afya ya wanyama yameweka lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Lengo lipo, na uratibu wa kitaifa upo. Kinachopungua ni makubaliano ya wale watu saba au wanane wa wilayani ambao simu zao ndizo zitakazolia.

Tuangalie tukio. Ni la kutunga, lakini ofisa yeyote wa zahanati atalitambua. Ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mtoto wa miaka saba ameng'atwa mkononi na mbwa aliyetokea shambani na kutokomea upande wa pili wa mahindi. Mama anamkimbiza zahanati kwa bodaboda, mkono umefungwa kwa kanga. Muuguzi wa zamu anaifungua kanga, anasogeza ndoo ya bomba, anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kama inavyoelekezwa. Anajua kwamba dalili za ugonjwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Anajua pia kwamba chanjo ikitolewa mapema na kwa ukamilifu, mtoto ataokoka. Zahanati haina chanjo, hivyo anaandika rufaa ya hospitali ya wilaya, kilomita 40. Hadi hapo kazi yake inajulikana na ameifanya vizuri.

Sasa yanafuata maswali ambayo hayamo kwenye kazi yake. Mbwa yule ni wa nani? Kuna mwingine aliyeng'atwa njiani? Wanakijiji wakimpata mbwa huyo watamfunga au watampiga mawe na kumzika? Akipatikana hai na kuwekwa chini ya uangalizi, akabaki mzima kwa siku 10, tutajua kwamba siku ile hakuwa anaambukiza, na chanjo zilizobaki zinaweza kusitishwa. Akifa au akiuawa, kichwa chake kinahitaji kufika maabara ya mifugo kikiwa kimehifadhiwa kwenye baridi. Muuguzi hana mamlaka juu ya mbwa. Ofisa mifugo wa kata ana mamlaka, lakini hana habari. Mtendaji wa kijiji anamjua mwenye mbwa, ila hajaulizwa. Mfamasia wa wilaya hajui kwamba Jumatatu hospitali itahitaji dozi zaidi. Na mafuta ya pikipiki ya ofisa mifugo yanatoka kwenye masurufu ambayo, kwa kuwa ni Jumamosi, hakuna wa kuyasaini. Kila mmoja ni mwaminifu na anaijua kazi yake. Pamoja na hayo, ifikapo Jumatano mbwa atakuwa amezikwa, wengine wawili walioumwa watakuwa hawajatafutwa, na kila rejista itakuwa na nusu ya habari.

Ninawaomba mlishike tukio hili, kwa kuwa hoja zangu zote nne zimetoka humo.

Hoja ya kwanza ni kuhusu kusudi. Kwa kawaida timu mpya huanza na kusudi, hukaa asubuhi nzima kulipamba, na mwishowe huandika sentensi ambayo hakuna awezaye kuikataa: "kuimarisha ushirikiano wa kisekta kwa ustawi wa jamii." Ushauri wangu ni kuanza na tukio. Wanatimu walipitie hatua kwa hatua kwenye karatasi kubwa ya manila iliyobandikwa ukutani, kila mmoja akisema yeye angejua nini na lini, na kila mahali habari inapobadilisha mikono patiwe alama nyekundu. Katika tukio letu alama hazitapungua sita. Baada ya kuziona ndipo waandike kusudi, nalo litakuja likiwa na mwili. Kwa mfano: kila mtu aliyeng'atwa na mnyama katika halmashauri hii aanze chanjo ndani ya siku moja, na mnyama aliyemng'ata afuatiliwe ndani ya saa 24 tangu taarifa ifike zahanati.

Sentensi hiyo ina faida mbili. Inapimika kwa rejista iliyopo, bila utafiti wowote mpya. Pia inalazimisha ubishi ambao ulipaswa kufanyika mapema. Mtu wa mifugo atasema, na ana haki, kwamba dawa ya kudumu ni kuchanja mbwa. Kiwango kinachotumika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Kisiwa cha Pemba kinatuonyesha jambo hilo kwa karibu. Ufuatiliaji wa kesi moja moja, kutoka mtu hadi mbwa na kutoka mbwa hadi mbwa, ulionyesha ugonjwa ukikatika mwaka 2014 baada ya kampeni za chanjo ya mbwa, ukirudi mwaka 2016, kisha ukiondolewa tena kufikia mwaka 2018. Mtu wa afya atajibu, naye ana haki, kwamba mtoto aliyeng'atwa leo hawezi kusubiri kampeni ya Septemba. Timu isiyoamua ipo kwa ajili ya lipi kati ya hayo mawili itavutana kila mara bajeti inapokuja. Hati inaweza kusema hivi: kazi ya timu hii ni watu walioumwa na wanyama waliowauma, kampeni ya mbwa inabaki kwa idara ya mifugo, na timu itaipa idara hiyo orodha ya vijiji vilivyotoa taarifa za kung'atwa ili ijue pa kuanzia. Neno "inabaki" lina thamani kubwa hapo. Kusudi linakuwa wazi pale linapotaja kazi nzuri ambayo timu haitaifanya.

Hoja ya pili inahusu majukumu. Watafiti wa uongozi Ruth Wageman na Richard Hackman, pamoja na wenzao, walichunguza timu 120 za viongozi wa juu wa taasisi mbalimbali duniani. Karibu kila timu ilidhani inawajua wanachama wake, lakini walipoulizwa mmoja mmoja nani yumo, timu ambazo wanachama wake walikubaliana hazikufika asilimia 10. Kama wakuu wenyewe wanashindwa kukubaliana nani yumo kwenye timu yao, kundi jipya la wilaya lisijidanganye kwamba orodha ya mahudhurio yenye majina 23 ni timu. Wanaofika kwenye semina ni wengi. Timu ni wale ambao kazi itakwama wasipokuwepo, na kwa kichaa cha mbwa wilayani hawazidi wanane: mratibu, mwakilishi wa Mganga Mkuu, ofisa mifugo wa wilaya, mfamasia, muuguzi msimamizi wa chumba cha chanjo, ofisa afya, mhasibu, na mtu mmoja anayeziunganisha ofisi za watendaji wa kata. Mhasibu mara nyingi huachwa. Nashauri asiachwe, kwa kuwa Jumamosi jioni kiungo kinachokatika kwanza ni mafuta ya pikipiki.

Majukumu yenyewe yasiandikwe kwa vyeo. Vyeo tayari vina maelezo yake ya kazi katika faili la utumishi. Yaandikwe kwa zile alama nyekundu za kwenye manila, na kila alama ijibiwe kwa mambo matatu: anayetoa, anayepokea, na ishara kwamba kimepokelewa. Hili la tatu ndilo linalookoa. Muuguzi wa zahanati anampigia ofisa mifugo wa kata ndani ya saa moja. Ofisa mifugo anamjibu kwa namba ya kesi kutoka kwenye daftari lake. Muuguzi anaiandika namba hiyo kwenye rejista ya wagonjwa, kando ya jina la mtoto. Nafasi ya namba ikiwa tupu, mtu yeyote anayefungua rejista Jumatatu anaona kwamba taarifa haikufika, na hana haja ya kumuuliza mtu wala kumlaumu. Ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 40 haukidhi sharti hilo. Utasomwa na 31, na kila mmoja atadhani mwingine ameshughulika. Hati iseme waziwazi kwamba kundi ni la kupeana habari, na makabidhiano hufanyika kwa simu baina ya watu wawili wanaojulikana.

Hapa niongeze jambo la uwakilishi, maana limevuruga vikao vingi. Mkuu wa idara hupata safari, humtuma kijana wake, na kijana hukaa kikao kizima akisema, "Nitalifikisha kwa bosi." Hakosi adabu, ila hana ruhusa. Hati iweke kwamba kila mwanatimu atamtaja mbadala mmoja kwa jina, na mbadala huyo ataingia na uwezo uleule wa kuamua. Mkuu asiyekuwa tayari kumpa mbadala uwezo huo aombwe abadilishe mbadala.

Nifike sasa kwenye hoja ya tatu, kanuni za uamuzi, ambayo nitakaa nayo zaidi. Katika idara moja, ubishi unamalizwa na mkuu wa idara. Katika timu mtambuka hakuna mkuu huyo. Yupo Mkurugenzi Mtendaji, lakini kila jambo likipelekwa kwake, timu imekuwa njia ndefu zaidi ya kufika mezani kwake. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kila uamuzi ni hili: tukikosea kwa kuchelewa na tukikosea kwa kuharakisha, kosa lipi linarekebishika? Jibu ndilo linalotuambia nani aamue.

Chukueni uamuzi wa kumwanzishia chanjo aliyeng'atwa. Ratiba fupi inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 ni ya siku ya 0, ya 3 na ya 7, michomo miwili midogo ndani ya ngozi katika kila ziara, mililita 0.1 kwa kila mchomo. Maana yake mgonjwa mmoja hutumia mililita 0.2 kwa ziara, wakati kichupa kina nusu mililita au mililita moja, na kikishafunguliwa kinapaswa kutumika ndani ya saa 6 hadi 8 kikiwa kwenye baridi. Muuguzi wa hospitali anayemwona mtoto peke yake saa nne usiku anajua kwamba akikifungua, kitakachobaki huenda kikamwagwa. Mfamasia anayehesabu vichupa vilivyobaki angependa asubiri wagonjwa wawili watatu. Kila mmoja analinda kitu halali. Kama hati haikusema, muuguzi atampigia mfamasia, mfamasia hatapokea, na mtoto atarudishwa nyumbani na kuambiwa aje Jumatatu. Hapo kosa la kuchelewa halirekebishiki, na kosa la kuharakisha ni sehemu ya kichupa. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi kuandika: muuguzi wa zamu anaamua peke yake, papo hapo, na hahitaji ruhusa. Anamwarifu mfamasia asubuhi. Kwa dozi ya siku ya 3 na ya 7, mfamasia na muuguzi wanaweza kuwapangia wagonjwa waje kwa wakati mmoja ili wagawane kichupa, kwa kuwa hapo pana muda wa kupanga bila kuitoka ratiba.

Uamuzi wa pili: mbwa amepatikana hai, amefungwa chini ya mwembe, na kijiji kimekasirika. Auawe au aangaliwe? Huu ni wa mtu mmoja pia, ofisa mifugo wa kata, kwa sababu sheria imempa na ndiye anayejua kumtazama mnyama, lakini hawezi kuuchukua bila kuwasikia wengine. Anahitaji kujua kutoka kwa muuguzi ni wangapi wameumwa, na kutoka kwa mtendaji wa kijiji kama kuna mahali salama pa kumfungia mbwa kwa siku 10. Kanuni hapa ni: anaamua mmoja baada ya kuwasikia wawili, ndani ya saa mbili, na muda ukiisha bila kuwapata, anaamua hivyo hivyo. Bila kikomo cha muda, neno "baada ya kushauriana" hugeuka kuwa kura ya turufu ya yeyote asiyepokea simu.

Uamuzi wa tatu ni wa aina nyingine kabisa. Idara ya afya imebakiwa na fedha kidogo robo ya mwisho ya mwaka, na kuna pendekezo zitumike kununua barafu, masanduku ya baridi na usafiri wa sampuli, vitu ambavyo kwa kawaida ni vya mifugo. Kuchelewa siku tano hakuui mtu, na kukosea kunaweza kuleta hoja ya ukaguzi. Huu unahitaji ridhaa ya pande zote mbili, mhasibu akiwa mezani, na uandikwe kwenye muhtasari. Ridhaa haina maana kwamba kila mtu amependa. Ina maana kwamba hakuna mwenye sababu nzito ya kuzuia, na mwenye kuzuia anatakiwa kuitaja sababu hiyo na kusema nini kingemfanya akubali. Wasipoelewana ndani ya vikao viwili, ndipo mratibu anapeleka kwa Mkurugenzi ukurasa mmoja wenye maoni yote mawili, kila upande ukiwa umeandika wa kwake.

Mnaona kwamba tumepata aina tatu tu: anaamua mmoja na kuarifu, anaamua mmoja baada ya kusikia, na wanaamua pamoja. Timu isiandike zaidi ya hizo. Kazi kubwa ni kupanga maamuzi kumi au kumi na mawili ya kweli chini ya aina hizo na kuweka jina la cheo kando ya kila moja. Timu zinazoanza hupenda kuweka karibu yote chini ya "pamoja", kwa heshima ya kuepuka kumkweza mtu. Dalili ya kosa hilo huonekana mwezi wa kwanza: simu za usiku zinaongezeka, swali moja linaulizwa mara mbili, na maamuzi madogo yanangoja kikao. Ikiwa hivyo, yahamishwe maamuzi mawili matatu kwenda aina ya kwanza na itazamwe kama simu zinapungua.

Masurufu ya mafuta yaingie hapa pia. Mhasibu hawezi kuvunja kanuni za fedha, na hati haiwezi kumwomba afanye hivyo. Lakini anaweza, kwa idhini ya Mkurugenzi, kutenga mapema kiasi kidogo, tuseme shilingi 50,000 kwa mwezi kwa kila kata yenye visa, kikatumika kwa namba ya kesi na kurejeshewa hesabu kwa stakabadhi. Uamuzi mgumu wa Jumamosi jioni unakuwa umefanywa Jumanne mchana, mtu mwenye mamlaka akiwa ofisini.

Hoja ya nne, mazoea ya kazi, sitaikalia sana, kwa kuwa yakipatikana majukumu na kanuni nzuri, mazoea yanayohitajika ni machache. Kikao kimoja kila Jumatatu, dakika 20, rejista ikiwa wazi mezani. Kila aliyeng'atwa ana mstari mmoja: saa ya kuumwa, saa taarifa ilipomfikia ofisa mifugo, saa alipofika kijijini, hali ya mbwa, dozi zilizotolewa. Kikao hakiulizi mtu amefanya nini wiki nzima. Kinasoma nafasi zilizo tupu. Kwa kuwa ni kifupi na hufanyika ofisini, hakina posho, na jambo hilo liandikwe tangu mwanzo ili mahudhurio yasitegemee bajeti ambayo itakwisha mwezi Machi.

Zoea moja tu linahitaji uangalifu, nalo ni la mdogo kumpinga mkubwa. Amy Edmondson, katika utafiti alioutoa mwaka 1999 kwa timu 51 za kampuni moja ya viwanda Marekani, alionyesha kwamba timu ambazo watu wake wanaona ni salama kusema makosa hujifunza zaidi. Kwetu, muuguzi wa zahanati hatamkatiza Mganga Mkuu mbele za watu, na kumwandikia "kila mtu awe huru kusema" hakubadilishi kitu. Kinachosaidia ni utaratibu. Kikao kianze na aliye chini kabisa kwa cheo kusoma mstari wake, na mkubwa aseme mwisho. Kwa njia hiyo muuguzi anatoa taarifa kwa zamu yake, hahesabiwi kuwa anampinga mtu, na adabu inabaki mahali pake.

Niyajibu mapingamizi mawili, yale ninayoyaheshimu. La kwanza linasema serikali ina sheria, nyaraka na miongozo ya kutosha, na karatasi nyingine ni mzigo. Ni kweli kwamba hati haiwezi kumpa mtu mamlaka ambayo sheria haikumpa, na inayojaribu kufanya hivyo itaanguka mara ya kwanza mkaguzi akifika. Lakini sheria zile mbili nilizozitaja kila moja inasema mtu wake afanye nini. Kilichobaki kati ya sheria hizo, kwa mfano muuguzi ampigie nani na kwa muda gani, ni nafasi ambayo watumishi wameachiwa waijaze. Sasa inajazwa na bahati: kama muuguzi anajuana na ofisa mifugo, mbwa anafuatiliwa. Kama mmoja amehamishwa, ujirani unaondoka naye. Mkurugenzi aisaini hati, na mwanasheria wa halmashauri aisome kabla.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema watu huaminiana kwanza, kisha hufanya kazi, na kuanza na maandishi ni kuanza na shaka. Zaidi ya hapo, dharura haifuati karatasi. Sikatai kwamba kuaminiana kunahitajika. Lakini kwa watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja, imani hutoka kwenye ahadi ndogo zilizotimizwa, na ahadi isiyotamkwa haiwezi kuonekana imetimizwa. John Mathieu na Tammy Rapp, katika utafiti wa mwaka 2009, walifuatilia timu 32 za wanafunzi wa uzamili wa biashara katika mchezo wa kuendesha kampuni. Timu zote ziliandika hati. Zile zilizoandika hati nzuri na kuiambatanisha na mkakati mzuri wa kazi zilidumisha matokeo mazuri kuliko zile zilizoandika ovyo. Wanafunzi kwenye mchezo si watumishi wa wilaya, na sitaki kuuvuta ushahidi huo mbali kuliko unavyofika. Unachotuambia ni kwamba kuwa na hati hakutoshi, na kwamba tofauti iko kwenye kilichoandikwa ndani. Ama dharura, ni kweli kwamba hakuna atakayetafuta faili Jumamosi usiku. Ndiyo maana maamuzi ya aina ya kwanza yabandikwe ukutani, ukurasa mmoja wenye herufi kubwa, juu ya jokofu la chanjo.

Mwenyekiti, muda wangu unakaribia kwisha, nami nataka kuutumia uliobaki kutazama mbele. Timu inayoanza mwezi huu inahitaji nusu siku mbili: ya kwanza kulipitia tukio kwenye manila, ya pili kuandika. Hati iwe na tarehe ya kufa, siku 90 tangu isainiwe. Siku hiyo wanatimu wachukue mistari mitano ya rejista, wapime saa zilizopita kati ya taarifa na ofisa mifugo kufika kijijini, waifute kanuni isiyowahi kutumika, na waandike upya ile iliyovunjwa zaidi ya mara moja.

Liko swali moja ambalo mhadhara huu haukuligusa, nalo ndilo litakalokuja mara timu ya kwanza itakapoanza kufanya kazi vizuri. Mbwa aliyemng'ata mtoto wetu anaweza kuwa ametoka halmashauri ya jirani, na kwa wilaya za mpakani, anaweza kuwa ametoka Kenya. Kanuni zetu zote zimesimama juu ya Mkurugenzi mmoja anayeweza kupelekewa ukurasa mmoja. Ng'ambo ya mpaka hayupo. Ofisa mifugo wa Longido na mwenzake wa Kajiado wakabidhiane kesi kwa namba ipi, na muuguzi wa upande huu amwamini nani anapoambiwa kwamba mbwa wa upande ule ametimiza siku 10 akiwa mzima? Maofisa wa mipakani mko humu ukumbini, na ningependa mjadala tuanzie hapo.